Kabla Fundi Hajakata Pindo, Mletee Kiatu

Wateja wangu wengi huja na kitambaa mkononi na picha ya mshono kwenye simu, lakini kiatu hawana. "Kiatu nitatafuta baadaye, fundi, wewe shona tu." Kwa gauni linaloishia juu ya goti huwa sibishani sana. Kwa sketi au gauni la midi, lile linaloishia mahali fulani kati ya goti na kifundo cha mguu, sishiki mkasi mpaka nijue kisigino kitakuwa cha urefu gani. Wapo wanaoniona nina maringo. Lakini urefu huo ndio unaoharibika kirahisi kuliko yote, na ukiharibika mtu haelewi kwa nini. Anajitazama kwenye kioo, kitambaa kizuri, kiuno kimekaa, rangi inampendeza, na bado anaonekana mfupi na mzito miguuni. Lawama zote zinakwenda kwa miguu yake, kumbe miguu haina kosa.

Simama peku mbele ya kioo kirefu, pandisha nguo hadi mapajani, kisha tazama mguu wako kuanzia goti kwenda chini. Hauna unene mmoja. Chini kidogo ya goti kuna sehemu umejibana, kisha unatanuka kwenye shavu la mguu, halafu unaanza kupungua taratibu mpaka unafika pembamba kabisa juu ya kifundo. Pindo la sketi ni mstari wa kulala. Popote unapokaa, jicho linasimama hapo na kusoma upana wa mguu wa mahali hapo, kisha linadhani sehemu iliyofunikwa nayo ni ya upana huohuo. Pindo likikaa penye wembamba, mguu mzima unahesabika mwembamba. Likikaa katikati ya shavu la mguu, mguu mzima unahesabika mnene, na kipande kilichobaki chini kinaonekana kimekatwa ghafla.

Kwa hiyo kwenye midi kuna sehemu tatu tu ninazoziamini: ule mbano wa chini ya goti, pale shavu la mguu linapomalizika na mguu kuanza kunyooka, na juu kidogo ya kifundo. Baina ya sehemu ya kwanza na ya pili kuna inchi kama 5 au 6, na humo ndimo midi nyingi za dukani huishia. Sketi hizo hukatwa kwa urefu mmoja kwa watu wote. Mwenye futi 5 na inchi 8 pindo linamkaa chini ya goti. Mwenye futi 5 na inchi 2 sketi ileile inamfikia katikati ya shavu.

Kisigino kinaingilia mambo haya kwa namna mbili, na ni vizuri kuzitenganisha.

Ya kwanza ni kwamba kinaubadilisha mguu wenyewe. Ukivaa kiatu cha chini, unyayo umelala na mguu unasimama juu yake wima, kama ukuta juu ya msingi. Mstari wa mguu unaishia kifundoni. Ukipanda kisigino, unyayo unainama na mgongo wa mguu unakuwa mwendelezo wa muundi, hivyo jicho linateremka kutoka kwenye pindo mpaka karibu na vidole bila kusimama. Huo ndio urefu ambao watu husema kisigino "kimeongeza", na sehemu kubwa yake haitokani na kimo. Wakati huohuo msuli wa shavu la mguu unajikaza. Unapanda juu kidogo, kwa wengi nusu inchi au zaidi, unakuwa wa duara zaidi, na sehemu ya chini yake inakuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa. Jaribu sasa hivi: shika shavu la mguu wako, kisha simama kwa ncha za vidole. Utausikia msuli ukipanda mkononi. Maana yake ni kwamba pindo ambalo peku lilikuwa limekaa ukingoni mwa unene, juu ya kisigino kirefu linaweza kujikuta penye wembamba. Ndiyo sababu sketi inayokukataa ukiwa na ndala inakukubali ukivaa mchuchumio.

Ya pili ni umbali wa pindo kutoka sakafuni, na hapa hesabu za watu wengi huenda kombo. Kisigino cha inchi 4 hakikuinui inchi 4. Kifundo cha mguu hakiko juu ya kisigino moja kwa moja, kiko mbele yake kidogo, na unyayo unapoinama unazunguka kwenye ile sehemu ya mbele inayokanyaga. Kwa mguu wa kawaida, kisigino cha inchi 4 kinakuinua kama inchi mbili na nusu hivi, na cha inchi 2 kinakuinua kama inchi moja na nusu. Kinategemea pia unene wa soli ya mbele. Mteja akinipigia simu na kuniambia, "Fundi, ongeza inchi 4 kwenye gauni refu maana nimenunua kiatu cha inchi 4," nikimtii atakuja kulikanyaga. Hesabu ya kichwani haina kazi hapa. Avae kiatu, asimame, apimwe.

Nieleze kazi moja niliyoifanya ili hizi namba zipate mtu wa kuzivaa. Dada mmoja alikuja na kitenge cha kijani chenye maua makubwa, sare ya kamati ya harusi ya wifi yake. Alitaka sketi ya kubana yenye blauzi ya mikono ya puto. Kwenye simu alikuwa na picha ya mwanamitindo mrefu, na alikuwa ameshaambiwa na mtu kwamba urefu wa mshono ule ni inchi 27 kutoka kiunoni. Ana futi 5 na inchi 2. Nilimsimamisha peku, tepu kiunoni, ikaenda mpaka sakafuni: inchi 38 na nusu. Nikamwekea alama za chaki kwenye taiti aliyovaa. Mbano wa chini ya goti ulikuwa inchi 15 kutoka sakafuni. Unene wa shavu la mguu, inchi 12. Pale shavu linapomalizika, inchi 9. Wembamba wa kifundo, inchi nne na nusu.

Sasa geuza namba hizo uzihesabu kutoka kiunoni, maana sketi inakatwa kutoka huko. Chini ya goti ni inchi 23 na nusu. Unene wa shavu ni 26 na nusu. Mwisho wa shavu ni 29 na nusu. Ile 27 aliyoitaka ilikuwa inampiga nusu inchi tu chini ya sehemu nene kuliko zote. Nikamfunga kipande cha kitambaa chakavu kwa urefu huo, nikamgeuza kwenye kioo. Hakusema kitu. Aliinama tu akaanza kukivuta juu, akakivuta chini, na mikono yake ikasimama penyewe kwenye zile sehemu mbili, chini ya goti na chini ya shavu. Nimeona wateja wengi wakifanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Jicho linajua, ila halijaambiwa lipime nini.

Nikamuuliza kiatu. Alikuwa navyo viwili nyumbani: mchuchumio wa inchi 4, ncha iliyochongoka, na kingine cha inchi 2 chenye kisigino kipana. Tukaangalia kwa ule wa inchi 4 kwanza. Msuli wake ulipanda, unene ukahamia kama inchi 26 kutoka kiunoni, kwa hiyo sketi ya 27 ingekuwa inchi nzima chini ya unene. Afadhali, ila bado ilikuwa inakata mahali pazito. Kwa sketi ya 29 na nusu pindo lingekuwa limekaa vizuri kabisa, mguu unateremka kwenye mgongo wa unyayo mpaka ncha ya kiatu bila kukatika. Kama angekuwa mgeni mwalikwa anayekaa mezani, tungemaliza hapo. Lakini kamati haikai. Wanapokea wageni, wanagawa vinywaji, wanabeba zawadi, wanacheza na maharusi wakati wa keki. Alisema mwenyewe kwamba baada ya saa moja na nusu kile kiatu atakivua, na akikivua atabaki na sketi ndefu ya kubana na ndala. Kiatu cha kweli, kwa hiyo, kilikuwa kile cha inchi 2.

Hapa ndipo kazi inapokuwa kazi. Kwa inchi 2, unyayo hauinami vya kutosha kuuendeleza muundi. Mstari bado unasimama kifundoni, ila si kwa ukali kama wa kiatu cha chini. Urefu unaopatana na kisigino cha namna hiyo ni ule wa chini ya goti, inchi 23 na nusu au 24, kwa sababu mguu unaoonekana ni mrefu wa kutosha peke yake na hauhitaji kuongezewa na kiatu. Nikampendekezea 24. Akatikisa kichwa. "Fundi, mama mkwe atakuwepo, na kanisani tunakaa viti vya mbele." Alikuwa na haki. Sketi ya kubana ikikaliwa inapanda inchi 2 hadi 3. Inchi 24 akiwa amekaa ni goti lote nje. Tukaiacha.

Tukarudi kwenye 29 na nusu kwa kisigino cha inchi 2, tukatafuta mguu utakaoonekana kwa njia nyingine. Nilimwekea mpasuo wa mbele, upande wa kushoto, unaoanzia kwenye pindo na kupanda inchi 6 mpaka kwenye ule mbano wa chini ya goti, usizidi hapo. Akisimama hauonekani sana. Akitembea unafunguka, muundi unaonekana kama mstari wa kusimama, na mstari wa kusimama unafuta nusu ya kazi ya ule wa kulala. Akikaa, mpasuo unafika gotini, mama mkwe hana la kusema. Kuhusu kiatu nilimwomba kitu kimoja tu: kama anaweza, apate chenye shingo iliyochimbwa chini, kinachoacha mgongo wa mguu wazi mpaka karibu na mwanzo wa vidole, na rangi inayokaribiana na ngozi yake. Alikuwa na chake cheusi kilichofunika mguu mpaka juu. Alikwenda mitumbani Karume akarudi na cha kahawia, kisigino inchi 2 na robo. Ile robo haikubadilisha kitu. Mgongo wa mguu kuwa wazi ulibadilisha.

Kanuni ninayoitumia, kama ni lazima niite kanuni, ni hii: kadiri pindo linavyoshuka na kuufunika mguu, ndivyo kiatu kinavyotakiwa kuuacha unyayo wazi au kuuinamisha, au vyote viwili. Chini ya goti, inchi 2 zinatosha na kiatu cha chini kizuri hakikuumbui. Mwisho wa shavu, ningependa inchi 3, na kisigino kikiwa kifupi kuliko hapo basi fidia kwa ncha iliyochongoka, shingo iliyochimbwa, au mpasuo. Juu ya kifundo, mambo yanageuka tena. Pale kilichobaki ni kifundo tu, na kifundo ni chembamba kwa karibu kila mtu, hivyo hata kiatu cha chini kinakubali, mradi kisikifunike. Raba za juu zenye sketi ya kuishia hapo sizipendi. Najua vijana wanavaa na baadhi wanapendeza. Wanapendeza kwa sababu ni warefu.

Adui mkubwa wa midi, kuliko hata kisigino kifupi, ni mkanda wa kifundoni. Fikiria pindo liko inchi 10 kutoka sakafuni na mkanda uko inchi 5. Umebakiza kipande cha mguu cha inchi 5 kilichofungiwa juu na chini. Hata kisigino kiwe cha inchi 4, jicho linaona kipande kifupi, halioni mguu. Kama mkanda ni mwembamba na wa rangi ya ngozi, madhara yanapungua. Kama ni mpana na mweusi, na miguu yako si mirefu, uvae na gauni la gotini ambako una mguu wa kutosha wa kukatakata. Wateja hunijibu kwamba bila mkanda kiatu kinawavuka. Hilo ni tatizo la saizi, na kipande cha sponji nyuma ya kisigino kinalimaliza.

Lingine linalowadanganya watu ni soli nene ya mbele. Kiatu kinaandikwa inchi 5, lakini mbele kina soli ya inchi moja na nusu. Mguu ndani yake umeinama kwa inchi tatu na nusu tu. Unapata kimo, na unapata nafuu ya kutembea, lakini ule mwendelezo wa mgongo wa mguu unaoupata ni wa kiatu cha inchi tatu na nusu, na zaidi ya hapo, chini ya mguu kuna kitofali. Kwa gauni refu linalofunika kiatu ni kizuri sana, hakuna anayekiona. Kwa midi nyembamba kinaonekana kizito. Kwa midi pana yenye marinda au ya klosh kinakaa sawa, kwa sababu nguo yenyewe ina uzito na inahitaji kitu cha kusimamia. Kisigino cha sindano chini ya klosh ya kitenge kilichotiwa wanga kinaonekana kama hakitaubeba mzigo.

Kuhusu kupima, njia yangu haina siri. Mteja avae kiatu chenyewe, avae na nguo ya ndani atakayovaa siku hiyo, asimame kwa uzito sawa miguu yote, atazame mbele. Akitazama chini kuona ninachofanya, mgongo unajikunja na pindo la mbele linashuka. Nachukua rula ya mbao, naisimamisha sakafuni, natia chaki kwa urefu uleule kuzunguka mwili mzima, yeye akigeuka kidogo kidogo. Ukipima kutoka kiunoni pekee, pindo litakuwa sawa mezani na kombo mwilini. Mwenye makalio yaliyojaza, nguo inapandishwa nyuma, na kisigino kirefu kinaongeza upinde wa mgongo na kuipandisha zaidi. Kwa wateja wangu wengi nyuma inahitaji nusu inchi hadi inchi moja ya ziada ili pindo liwe sambamba na sakafu. Usipoiweka, ukimtazama kwa ubavu unaona pindo limepanda kuelekea nyuma, na shavu la mguu, ambalo liko nyuma, ndilo linaloachwa wazi pale pale ulipotaka kulificha.

Klosh ina tabia yake. Kitambaa kilichokatwa mduara kina sehemu zinazoangukia mshazari wa nyuzi, na sehemu hizo zinavutika zikining'inia. Naitundika kwenye hanga usiku kucha kabla ya kupima pindo. Ukiharakisha, wiki ya pili mbele ya paja kumeshuka inchi nzima na urefu uliouchagua kwa uangalifu haupo tena. Kitenge cha pamba nacho kilowekwe na kukauka kabla ya kukatwa, maana kikirudi kwenye sketi ya 29 na nusu, kinarudi kuelekea kwenye shavu la mguu.

Khanga nitaisemea kidogo kwa sababu magauni ya khanga yamerudi kwa nguvu. Fundi mvivu huligeuza pindo la khanga, ule ukanda wa rangi unaozunguka, kuwa ukingo wa chini wa gauni. Linapendeza likiwa mezani. Lakini sasa ule mstari wa kulala si uzi tena, ni ukanda mpana wa rangi kali. Kosa la nusu inchi ambalo kwenye kitambaa kisicho na urembo lisingeonekana, hapa linapigiwa ngoma. Tena huwezi kulirekebisha kwa kukunja, maana ukikunja umeula ukanda wenyewe. Urefu wa gauni la khanga uamuliwe kabla mkasi haujagusa kitu, na marekebisho yafanywe kiunoni.

Picha nayo inadanganya. Ukijitazama kutoka juu, kwa kuinamisha kichwa, kila sketi inaonekana fupi na kila mguu mnene. Mtu akikupiga picha akiwa amesimama karibu na kuinua simu usawa wa uso, miguu inafupika. Mwambie arudi nyuma hatua nne au tano na ashikilie simu usawa wa kiuno chako. Hapo ndipo utaona uwiano wanaouona watu waliosimama mbali nawe ukumbini.

Watu huniuliza kwa nini vimini havina mizozo hii. Mguu wote uko nje, urefu upo tayari, na kisigino kirefu hakina cha kuongeza zaidi ya kuukaza msuli na kuvuta macho. Mabingwa wa mitindo wa Ulaya walilijua hilo. Christian Dior aliposhusha mapindo mwaka 1947, miaka iliyofuata visigino vilipanda na kukonda, na Roger Vivier, aliyetengeneza viatu kwa ajili ya nyumba ya Dior katika miaka ya 1950, ni mmoja wa waliokifanya kisigino chembamba kuwa maarufu. Mapindo yalipopanda juu ya magoti miaka ya 1960, visigino vikashuka. Andre Courreges alivivisha vimini vyake buti nyeupe za chini mwaka 1964. Huku kwetu vimini vilikutana na Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU ya kuvipiga vita, iliyotangazwa mwaka 1968, na wenye umri wa mama zangu bado wanalo la kusimulia kuhusu hilo. Mimi kwa kimini nasema kiatu cha chini au inchi 2 nene, basi. Ukiongeza kisigino cha inchi 5 unaweza, lakini uwe unataka macho yote.

Magauni marefu ya kufika sakafuni yanahitaji jambo moja tu, na ni gumu kuliko linavyosikika: kiatu kisibadilike. Nakata mbele liishie nusu inchi juu ya sakafu mtu akiwa amevaa kiatu chake, ncha ichungulie akitembea. Nyuma liguse kidogo. Tatizo ni kwamba kila bibi harusi na kila matroni huweka viatu vya chini kwenye mkoba kwa ajili ya kucheza. Ikifika saa nne usiku gauni limeshuka inchi 2 na linafagia ukumbi, na mtu akilikanyaga wakati wa kurudi nyuma linachanika kiunoni, si chini. Kwa hiyo huwa nauliza mapema: utabadilisha? Akisema ndiyo, tunachagua kisigino kipana cha inchi 2 na nusu atakachokivaa mwanzo hadi mwisho, au naweka kitanzi na kifungo kwa ndani, usawa wa goti, cha kulipandishia gauni upande mmoja muda wa muziki ukifika.

Na mwambie fundi wako akuachie akiba ya inchi 2 ndani ya pindo, asikate akaifunga kwa ovaloki na kumaliza. Viatu vinakatika visigino, vinaazimwa na havirudi, na sketi ya kitenge inadumu kuliko vyote hivyo. Akiba hiyo itakusaidia kushusha pindo ukipata kiatu kingine, ila uishushe mapema. Kitenge kikishafuliwa mara nyingi, rangi ya nje inapauka na ile iliyofichwa ndani inabaki kali. Ukifumua baada ya mwaka, mkunjo wa zamani utaonekana kama mstari mwingine juu ya ule mpya, na utakuwa na mapindo mawili kwenye mguu mmoja. Ikishafikia hapo mimi hushonea utepe wa rangi nyingine juu ya mkunjo wa zamani, na natoza ya utepe.